Siku ya kufumua ndiyo siku nywele zinakatika

Wasichana wengi wa Uganda huanza kufuga nywele wakiwa watu wazima. Shule nyingi nchini humu hazitaki mwanafunzi mwenye nywele ndefu, kwa hiyo tangu madarasa ya chini hadi mtihani wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, kichwa hupitishwa mashine kila baada ya wiki chache. Mtihani ukiisha, mashine inasahaulika na kaweke, yaani nywele za kipilipili zisizotiwa dawa, inaachwa ipande. Miezi ya kwanza inapanda vizuri. Kisha msichana anaanza kusuka, na baada ya mwaka anamletea msusi swali ambalo wasusi wa Kampala, Arua na Busia wamelisikia mpaka wamelichoka: mwaka mzima nimesuka, nimepaka mafuta, dawa ya kunyoosha sijatia, na bado nywele nikizivuta zinaishia pale pale kwenye masikio. Nyabo, mbona zangu hazikui?

Zinakua. Nywele za Kiafrika zilizopimwa kwenye maabara huota kwa wastani wa milimita 7 hadi 8 kwa mwezi, polepole kidogo kuliko nywele nyoofu, lakini hazisimami. Kwa mwaka hiyo ni sentimita 9 hivi. Anayebisha amwangalie mtu aliyepaka rangi nywele zake: miezi mitatu ikipita, nyeusi mpya imeshasukuma rangi juu kwa zaidi ya sentimita 2, hata kama urefu wote haujabadilika. Ngozi inatoa unywele mpya kwa chini, na huku juu ncha zinavunjika kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo cha kutafuta ni mahali zile sentimita 9 zinapopotelea.

Wengi huulaumu msuko. Wengine huusifu, wanasema kusuka ndiko kunakokuza nywele. Kusuka hakukuzi chochote, maana unywele ulio nje ya ngozi ni kitu kisicho na uhai. Kazi ya msuko ni kuuficha: kwa wiki kadhaa hauchanwi, hausuguani na kola ya shati, hauvutwi na mikono. Kazi hiyo msuko unaifanya vizuri. Hasara huja baadaye, siku ya kuufumua, pale urefu uliohifadhiwa kwa wiki sita unapopotea mchana mmoja mikononi mwa mtu mwenye haraka na kitana.

Ili kuona kwa nini, inabidi kwanza tujue unywele wa kipilipili umeumbwaje. Ukiukata na kuutazama kwa darubini, uso wake si duara kamili, umebonyea. Na unapoota unajizungusha. Chukua utepe uupotoe: penye kila mpindo upana unajikunja na nguvu inapungua. Unywele wetu una mipindo hiyo kuanzia shinani hadi nchani, na kila mpindo ni mahali unapoweza kukatikia. Juu yake umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana, ambayo kwenye mipindo huinuka na kubanduka mapema kuliko kwingineko. Tena mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayawezi kuteremka njia ya mizunguko hadi nchani kama yanavyoteremka kwenye unywele ulionyooka. Ncha, ambazo ndizo kongwe kuliko sehemu zote, hubaki kavu.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo la muhimu kwa siku ya kufumua. Nywele zinazojizungusha hukumbatiana. Unywele mmoja hupita ndani ya mzunguko wa jirani yake, na ukiuvuta jirani anavutika. Kichwa kikiwa kikavu, chanuo likipitishwa linakutana na mamia ya makumbatio hayo kwa mara moja, na yasiyofunguka yanakatika. Ndiyo maana kuchana nywele za namna hii zikiwa kavu kunahitaji nguvu nyingi kuliko kuzichana zikiwa na unyevu na kitu cha kuteleza. Wenye nywele nyoofu huambiwa wasichane nywele zilizolowa, na kwao ni shauri jema, kwa sababu unywele uliolowa huvutika kirahisi. Kwetu shauri hilo likichukuliwa lilivyo linaharibu.

Kilichomo ndani ya msuko baada ya wiki sita

Tumchukue binti mmoja aliyemaliza S.6, mwenye nywele za sentimita 10 zikinyooshwa. Amesukwa misuko 60 ya nywele bandia, akakaa nayo wiki sita, yaani siku 42. Mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku. Si ugonjwa, kila unywele una muda wake, ukiisha unachomoka na mwingine unaanza. Asiyesuka hazioni, kwa sababu zinabaki kwenye chanuo, kwenye mto, zinapeperuka. Za binti wetu hazina pa kwenda. Zimeachia kwenye ngozi lakini zimefungwa ndani ya msuko.

Tukichukua kiwango cha chini, nywele 50 kwa siku, kwa siku 42 ni nywele 2,100. Zigawe kwa misuko 60: kila msuko umeshika nywele 35 ambazo tayari zimekufa na kuachia. Akikaa miezi mitatu, kama wafanyavyo wengi ada ya chuo inapobana, zinakuwa 75 kwa kila msuko. Nywele hizo hazikai zimelala sawa. Zinajizungusha kwenye zilizo hai.

Wakati huo huo, kati ya ngozi na pale msuko ulipoanzia pameota kipande kipya cha zaidi ya sentimita moja, kisichosukwa. Kipande hicho ni kichanga, kimejikunja, na ndicho kinachopokea jasho, vumbi la bodaboda, mabaki ya mafuta na jeli, na manyoya ya blanketi. Vyote hivyo vikikutana na nywele zilizoachia vinatengeneza pete ya kijivu kwenye shina la msuko. Kila aliyewahi kufumua anaijua pete hiyo. Wiki ya nne ni laini. Wiki ya nane imekaza. Wiki ya kumi na mbili inaweza kuwa gundi kamili, na hapo hata mikono yenye subira itavunja kitu.

Kwa sababu hiyo wiki sita hadi nane ni mpaka wa busara kwa misuko ya nywele bandia. Matuta yaliyolala kichwani, biswahili kama watu wa Kampala wanavyoyaita, yakiwa ya nywele zako mwenyewe yafumuliwe baada ya wiki moja au mbili, kwa kuwa hulegea na kuanza kufanya mafundo mapema zaidi.

Mchana wa kufumua

Kinachofanyika kwenye saluni nyingi ni hiki. Nywele bandia zinakatwa kwa mkasi, misuko inafumuliwa na wasichana watatu kwa pamoja huku wakizungumza, mteja anapelekwa kwenye sinki, shampuu inamiminwa, kichwa kinasuguliwa kwa vidole kwa mizunguko, kisha taulo, kisha drai yenye chanuo la kushikiza mbele. Mteja analia machozi na kuambiwa avumilie. Katika mlolongo huo kosa kubwa kuliko yote ni maji kutangulia.

Maji yanapoingia kwenye unywele yanalegeza baadhi ya viungo vilivyokuwa vinaushikilia kwenye umbo la msuko, nao unarudi kwenye mizunguko yake. Nywele zilizokuwa zimenyooka kwa wiki sita zinajikunja ghafla, kila moja ikiwa imeshika zile 35 zilizoachia. Pete ya kijivu inalowa, inakaza. Kusugua kwa mizunguko kunamalizia kazi. Kinachotoka kwenye sinki ni bonge, na bonge hufunguliwa kwa nguvu.

Binti wetu, basi, afanye hivi, nyumbani au kwa msusi anayekubali kufuata mpango wa mteja. Kwanza apime nywele zake. Ni sentimita 10 zikivutwa, na shinani zimeongezeka zaidi ya moja. Nywele bandia zikatwe si chini ya sentimita 16 kutoka kwenye ngozi, ili pabaki nafasi ya kukosea. Wapo waliokata urefu wa mwaka mzima kwa mkasi mmoja kwa kuwa walisahau nywele zao zimeishia wapi ndani ya msuko. Msuko ufumuliwe kwa vidole. Mkia wa kitana unaharakisha, lakini ncha yake huchoma katikati ya nywele na kuzipasua, kwa hiyo autumie pale vidole vimeshindwa kabisa.

Kila msuko ukishafumuka, kabla ya kwenda kwa unaofuata, apake kitu cha kuteleza kwenye ile pete. Mimi napenda kondishona iliyoongezwa maji, sehemu moja ya kondishona kwa sehemu nne za maji kwenye chupa ya kupulizia, ikifuatiwa na mafuta kidogo kwenye ncha za vidole. Unyevu huu ni mdogo, si wa kulowesha. Aipe dakika tano. Kisha aishike pete kwa vidole viwili vya kila mkono aivute kwenda pembeni, kulia na kushoto, mpaka ipasuke iwe vipande viwili, kisha vinne. Asiivute kwenda juu kuelekea nchani, kwa sababu njiani itazoa nywele hai. Pete ikishaachana, uchafu hupukutika wenyewe, na zile nywele zilizoachia zinaweza kuchomolewa taratibu kwa vidole, zinateleza zikitoka bila kuvuta ngozi.

Akimaliza misuko saba au minane iliyo jirani, azikusanye nywele hizo fungu moja na kuzichana kwa chanuo lenye meno mapana. Kuchana kuanzie nchani. Ashike fungu kwa mkono mmoja juu kidogo ya anapochana, ili mvuto usifike kwenye ngozi, afungue sentimita 2 za mwisho, apande 2 nyingine, hivyo hivyo hadi shinani. Chanuo likikwama, alitoe, arudi na vidole. Fungu likiwa wazi alisokote msokoto mmoja mnene na kuliacha hivyo. Kwa misuko 60 atakuwa na mafungu 8.

Sasa ndipo maji. Anaosha akiwa na misokoto yake minane, akifungua mmoja mmoja, shampuu ikipakwa kwenye ngozi kwa ncha za vidole kwa kwenda mbele na nyuma, povu likiachwa literemke lenyewe kwenye urefu. Anapaka kondishona nzito, anapitisha chanuo mara ya mwisho zikiwa zimeloa na kuteleza, anasuuza, anasokota tena. Kukausha ni kwa kuminya na fulana kuukuu ya pamba. Taulo lenye vinyweleo hukwaruza magamba.

Kazi yote inachukua saa nne, pengine tano mara ya kwanza. Saluni hailipwi kwa saa hizo, na hapo ndipo tatizo lilipo kwa kweli. Bei ya Kampala ni ya kusuka. Kufumua huhesabiwa kama nyongeza ya bure au ya shilingi chache, kwa hiyo hupewa mwanafunzi wa saluni aliyekuja jana. Ninavyoona mimi, afadhali mteja afumue nyumbani jioni mbili mfululizo na kwenda saluni akiwa na misokoto minane safi, kuliko kumsukuma msusi afanye kwa saa moja kazi ya saa nne.

Mafuta: lipi linafanya nini

Hapa kuna mkanganyiko mwingi kuliko popote, na sehemu yake imeletwa na wauzaji. Mafuta hayaleti maji. Unywele mkavu ukipakwa mafuta peke yake unabaki mkavu, unang'aa tu. Kazi za mafuta ni mbili: kupunguza msuguano kati ya unywele na unywele, na kupunguza kasi ya maji kuingia na kutoka. Aina zinatofautiana kwa namna zinavyofanya kazi hizo.

Mafuta ya nazi ndiyo yenye ushahidi ulio wazi zaidi. Asidi yake kuu, inayoitwa lauriki, ina molekuli fupi na iliyonyooka, nayo inapenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu. Utafiti wa India uliochapishwa 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, ukaona kwamba ya nazi ndiyo pekee yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea nywele zinapooshwa na kuchanwa, na yalifanya vizuri hasa yakipakwa kabla ya kuosha. Maelezo ni kwamba unywele unaponyonya maji unanenepa, ukikauka unanywea, na kunenepa na kunywea huko kila wiki kunabandua magamba. Mafuta yaliyokwisha kuingia ndani yanachukua nafasi ambayo maji yangeichukua. Kwa hiyo mahali pake ni siku ya kufumua, kabla ya sinki. Binti wa sentimita 10 anahitaji vijiko vikubwa viwili kwa kichwa kizima, zaidi kwenye ncha, yakae saa mbili au usiku kucha. Wapo ambao nywele zao huwa ngumu kama nyasi wakiyatumia mara kwa mara. Akiona hivyo apunguze, au ajaribu ya parachichi.

Moo yaa ni habari nyingine. Ni siagi ya mti wa shea unaoota kaskazini, kwa Waacholi na Walango, West Nile hadi pembe za Teso na Karamoja. Shea ya Uganda ni ya jamii ya nilotika, na ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi kwa kuwa ina asidi ya oleiki nyingi zaidi. Kwenye joto la Gulu mchana inakaribia kuwa majimaji. Haipenyi kama nazi. Inafunika. Mahali pake ni baada ya kuosha, nywele zikiwa bado na unyevu: kiasi cha punje ya harage kwa kila fungu, iyeyushwe kati ya viganja mpaka isionekane, ipakwe kuanzia katikati ya urefu kwenda nchani. Ikipakwa kwenye nywele zilizokwisha kukauka inafungia ukavu ndani. Mafuta ya mgando ya dukani yanafunika pia, pengine kwa nguvu zaidi na kwa bei ndogo, na sioni haya kuyataja. Kasoro yake ni kuwa yanashika vumbi na hayatoki kirahisi bila shampuu.

Mafuta ya nyonyo yamepewa sifa isiyo yake. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba yanaotesha nywele. Ni mazito na yananata, kwa hiyo yakipakwa peke yake kwenye nywele ndefu zilizokwisha kufanya mafundo yanaweza hata kuziongezea kushikamana. Matone machache yakichanganywa na mafuta mepesi kwa ajili ya ncha, sawa. Kuyapaka kila usiku kwenye panja lililopoteza nywele ukisubiri ziote ni kupoteza muda ambao, kama tutakavyoona, ni muda wa thamani. Yai na mayonezi nayo vivyo hivyo: protini ya yai ni kubwa mno kuingia kwenye unywele, basi roleksi, ile chapati inayokunjiwa yai, ndiyo inayolihitaji zaidi.

Ngozi ya kichwa haihitaji mafuta kila siku. Mwenye mba anajiongezea mba, kwa sababu kuvu wanaohusika nayo hula mafuta hayo hayo. Akiwa amesuka na kichwa kinamuwasha, ni heri aoshe ngozi kati ya mistari kwa shampuu iliyochanganywa na maji mengi kuliko kuongeza tabaka jingine la siagi juu ya jasho. Na sabuni ya mche iachwe kwa nguo. Ni kali upande wa alkali, inainua magamba, na nywele zilizoinuka magamba hushikana zaidi.

Kusoma kilichoanguka

Binti wetu akimaliza kufumua ana rundo mezani linaloweza kumtisha. Asilitupe kabla ya kulisoma. Atandaze kitambaa cheupe achukue nywele ishirini bila kuchagua, azitazame ncha zote mbili.

Unywele mrefu wenye kitone cheupe mwisho mmoja umeachia wenyewe. Huo ni katika zile 2,100, na kwa kichwa kilichofumuliwa vizuri nyingi ya hizo ishirini zitakuwa hivyo. Kipande kifupi cha sentimita 1 hadi 3 kisicho na kitone ni ncha iliyovunjika. Kikiwa kingi, nywele zake zilisukwa zikiwa kavu au ncha zimepasuka na zinahitaji kukatwa kidogo. Unywele mrefu usio na kitone, ambao urefu wake unakaribia urefu wote wa nywele zake, umekatikia karibu na ngozi. Huu ndio wa kuhofia. Unaonyesha ama pete iliyofunguliwa kwa nguvu, ama msuko uliokuwa mzito kuliko nywele zilizoubeba. Aangalie umetoka sehemu gani ya kichwa. Ukiwa umetoka kote, kosa ni la kufumua. Ukiwa umetoka mbele na kwenye mapanja tu, kosa lilifanyika wiki sita zilizopita, siku ya kusukwa.

Kuna kitu cha nne ambacho watu hukidhania mba au mayai ya chawa: kijimrija cheupe, kama milimita 3 au 5, kilichouzunguka unywele karibu na shina. Ukikisukuma kwa kucha kinateleza kwenye urefu wa unywele. Yai la chawa halitelezi, limegandishwa. Vijimirija hivi vikionekana pembezoni mwa nywele baada ya misuko, ni dalili kwamba mashina yalikuwa yanavutwa muda wote.

Kusukwa bila kuvutwa

Uganda, kama kwingineko, maumivu ya kusukwa yamezoeleka hata Panadol huhesabiwa kuwa sehemu ya gharama. Mtu analala usiku wa kwanza akiwa amekaa. Haya si mambo ya kuvumilia. Daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wao wa wasichana na wanawake wa Afrika Kusini, na kati ya wanawake karibu mmoja kwa kila watatu alikuwa amepoteza nywele pembezoni kwa sababu ya kuvutwa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliowahi kuumia wakati wa kusukwa, na kwa waliosuka juu ya nywele zilizotiwa dawa. Hilo la pili linaeleweka: dawa huvunja viungo vigumu vinavyoupa unywele nguvu, halafu tunautundikia mzigo.

Mzigo wenyewe unategemea mambo mawili ambayo mteja anaweza kuyasemea kabla msusi hajaanza. Moja ni uwiano wa kisanduku, yaani fungu la nywele zako linalobeba msuko mmoja, na msuko wenyewe. Nywele chache zikibeba msuko mnene unaofika kiunoni, kila unywele umebeba uzito usioufaa. Ni bora visanduku viwe vikubwa kidogo na misuko iwe myembamba, mifupi, ikiishia mabegani. La pili ni mwanzo wa msuko. Msusi akianza na nywele zako pekee kwa mishono miwili mitatu, kisha akawa anaongeza nywele bandia kidogo kidogo, uzito unashuka mbali na ngozi na hakuna fundo gumu shinani. Wengi wanajua kufanya hivyo. Hawafanyi kwa sababu kunachelewesha.

Akishasuka misuko mitatu, msimamishe ujipime. Inua nyusi. Zikigoma, au ngozi ikijivuta juu ikatengeneza vilima vidogo chini ya kila msuko, imekazwa. Mwambie kwa adabu, "Nyabo, hii mitatu tuifumue, mbele unilegezee," kabla hajafika msuko wa arobaini ambapo wote wawili mtaona aibu kurudi nyuma. Vipele vyenye usaha vikitokea siku mbili baadaye, misuko ya sehemu hiyo ifumuliwe hata kama ililipiwa jana. Na zile nywele changa za paji la uso ziachwe nje. Hazijawahi kuwa na nguvu ya kubeba kitu.

Asiyetaka nywele bandia ana msokoto wa nyuzi mbili, unaofumuka haraka na kuacha mafundo machache. Ana pia kusuka kwa uzi, mtindo wa bibi zetu, ambao hunyoosha nywele bila moto wa drai: uzi unazungushwa kwenye fungu lililokaribia kukauka, kuanzia shinani, pasipo kukazwa kwenye mapanja, na nywele zilizonyooka hivyo hukumbatiana kidogo kuliko zilizojikunja. Usiku vyote hivi vifungwe kwa satini. Haihitaji kofia ya bei. Vipande vya bitana vya soko la Owino vinatosha, kinachotakiwa ni kitambaa kisichokwaruza wala kunyonya mafuta.

Baada ya kufumua binti wetu ajipe wiki mbili au tatu za misokoto yake mwenyewe kabla ya kusuka tena, na misuko mipya isigawanywe kwenye mistari ile ile ya zamani.

Kuna mahali ambapo hakuna mafuta wala mkono laini unaofaa. Nywele zilizopotea pembezoni kwa kuvutwa huweza kurudi kama kuvuta kumekoma mapema, ndani ya miezi michache, wakati ngozi bado ina vitundu vinavyoonekana ukiitazama kwa mwanga wa pembeni. Kukiendelea kwa miaka, vitundu vinazibwa na kovu, ngozi inakuwa laini na kung'aa, na hapo hauoti unywele tena. Mara nyingi hubaki ukingo mwembamba wa nywele chache mbele kabisa, na nyuma yake pengo. Ukiona umbo hilo, ni kuvutwa. Upara unaoanzia utosini na kupanuka kwa duara, hasa ukiambatana na kuwasha au kuungua, ni ugonjwa mwingine wenye kuacha kovu, na kila mwezi unaopita ukipaka nyonyo unaupa nafasi. Huyo aende kwa daktari wa ngozi, hospitali ya Mulago au ya Mbarara, akiwa amefumua kila kitu na kichwa kikiwa hakina mafuta, ili ngozi ionekane.